Rasimu ya mashine na gunia la mahindi

Mwezi Mei 2025 wasomaji wa gazeti la Chicago Sun-Times la Marekani walipewa orodha ya vitabu 15 vya kujisomea wakati wa kiangazi. Waandishi waliotajwa ni watu wa kweli, akiwamo Isabel Allende, mwandishi wa riwaya wa Chile, na kila kitabu kiliwekewa maelezo mafupi ya kumtia mtu hamu. Vitabu 10 kati ya hivyo havikuwahi kuandikwa na mtu yeyote. Aliyeandaa orodha hiyo, mwandishi wa kujitegemea, alikiri kwamba aliitumia akili mnemba na hakuhakiki kilichotoka.

Wengi walicheka. Mimi kilichonishtua ni kwamba orodha ile ilisomeka vizuri. Haikuwa na sentensi iliyokwama wala jambo lililoonekana kichekesho. Mashine ya kuandika hujifunza kutokana na matini mengi mno jinsi maneno yanavyofuatana, kisha hutabiri neno linaloelekea kufuata. Ukiitaka ikutajie riwaya ya Allende, inajua vyema riwaya ya Allende hufananaje, na itatoa kitu cha kufanana nayo. Kama kitu hicho kipo duniani ni swali jingine kabisa. Ndiyo maana makosa yake hayakai pale penye lugha mbovu. Hukaa kwenye jina, mwaka, namba na kipimo, yaani palepale ambapo msomaji huona pameshikika.

Sisi tunaohariri majarida hatuwezi kujifanya mashine hizi hazipo. Rasimu zinakuja, nyingine kwa siri na nyingine waziwazi, na kuna kazi ambayo rasimu ya mashine husaidia kweli: kupanga hoja, kukumbusha jambo ulilolisahau, kumtoa mtu kwenye woga wa karatasi tupu. Nitaeleza tulivyoshughulika na rasimu moja ya namna hiyo, tangu ilipoingia hadi ilipochapishwa. Mada yake ilikuwa ya kawaida: namna ya kuhifadhi mahindi nyumbani kwa kutumia mifuko isiyopitisha hewa, ile ambayo wengi Tanzania huiita mifuko ya kinga njaa na wengine mifuko ya PICS.

Nilichagua mada hii kwa sababu kosa lake huishia tumboni. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua baada ya kula mahindi yenye sumukuvu, na 125 kati yao wakafariki. Mwaka 2016 sumu hiyohiyo iliua watu Dodoma na Manyara. Anayeandika kuhusu gunia la mahindi hana ruhusa ya kukisia.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuichapa rasimu kwenye karatasi na kupigia mstari kila dai linaloweza kuwa kweli au uongo. “Uhifadhi bora ni nguzo ya usalama wa chakula” si dai, ni pambo, na nitalirudia baadaye. “Gunia hili lina mifuko miwili ya plastiki ndani ya kiroba” ni dai. “Mahindi yakaushwe hadi unyevu wa asilimia 13.5” ni dai. Baada ya hapo kila mstari hupewa nafasi pembeni ya kuandika chanzo: nani anasema, wapi, na nimeona kwa macho yangu au nimesimuliwa. Mstari usiopata chanzo haubaki, hata kama ni mtamu.

Madai mengi yalikuwa sahihi, na hilo lenyewe ni hatari yake, maana ukishathibitisha matano mfululizo mkono huanza kulegea. Gunia kweli lina tabaka tatu, plastiki mbili nzito ndani na kiroba nje. Kila plastiki hufungwa peke yake baada ya kukamua hewa. Wadudu waliobaki ndani, fukusi na dumuzi, hutumia hewa iliyopo hadi ikaisha, kisha hufa au huacha kula na kuzaana. Hakuna dawa inayowekwa. Yote hayo yalithibitika kwa maelezo ya watengenezaji na kwa bwana shamba aliyekubali kuisoma rasimu.

Kisha tukafika kwenye sentensi hii: “Barani Afrika asilimia 40 ya nafaka hupotea baada ya mavuno.” Hapa nilikaa muda mrefu, na nadhani msomaji naye anufaike na safari ya namba hii. Haikubuniwa na mashine. Ukiitafuta utaikuta kwenye hotuba, mabango ya miradi na taarifa za habari, na mhariri mwenye haraka angesema imethibitishwa mara nyingi. Lakini wengi hao wanarudiana. Tulipoifuata nyuma tulifika kwenye ripoti ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, ya mwaka 2011. Ripoti hiyo ilikadiria kwamba karibu theluthi moja ya chakula kinachozalishwa duniani kwa ajili ya binadamu, kama tani bilioni 1.3 kwa mwaka, hupotea au hutupwa. Namba 40 imo pia, ila inasema jambo jingine: kwamba katika nchi zinazoendelea, asilimia 40 ya *upotevu wenyewe* hutokea kwenye hatua za baada ya mavuno na usindikaji.

Tuifanye hesabu polepole. Tuseme mkulima amepata magunia 100 na kwa jumla amepoteza 20, tangu shambani hadi sahani. Asilimia 40 ya upotevu ni magunia 8. Asilimia 40 ya mavuno ni magunia 40. Ni namba ileile iliyopachikwa kwenye kitu kingine, na ghafla hasara imekuwa mara tano. Tena ripoti ilizungumzia vyakula vya kila aina, pamoja na matunda, mboga na samaki ambao huoza upesi, wakati rasimu ilizungumzia nafaka.

Nimelieleza hili kwa kirefu kwa sababu linaonyesha kwa nini kuhakiki si kuhesabu ni wangapi wamesema. Mashine imesoma walivyosema watu, na watu walikuwa wamekosea kabla yake. Siku hizi hali imeongezeka ugumu, kwani ukurasa unaoutumia kuihakiki rasimu ya mashine huenda nao umeandikwa na mashine. Namna pekee ya kutoka kwenye duara hilo ni kuifuata namba hadi kwa yule aliyeipima au kuikadiria, na kusoma sentensi iliyo juu yake na iliyo chini yake. Sisi tuliifuta. Mahali pake tuliweka alichotuonyesha mkulima mwenyewe, na nitakieleza.

Kuna njia ya mkato ambayo watu huipenda, nayo ni kuiuliza mashine kama ilichoandika ni kweli. Mwaka 2023 wakili mmoja wa New York, katika kesi ya abiria dhidi ya shirika la ndege la Avianca, aliwasilisha mahakamani hukumu za zamani alizopewa na mashine. Alipoingiwa na shaka aliiuliza mashine ileile kama kesi hizo zipo, ikamjibu kwamba zipo. Hazikuwapo. Jaji aliwatoza yeye, mwenzake na ofisi yao faini ya dola 5,000. Jibu la pili lilitoka palepale lilipotoka la kwanza, kwa njia ileile ya kutabiri maneno, na mtu aliyeulizwa “una uhakika?” kwa kawaida hujibu “ndiyo”.

Makosa mengine ya rasimu yalikuwa ya namna ngumu zaidi kuyaona, kwa sababu kila neno lilikuwa sahihi lakini uhusiano kati ya maneno ulikuwa umevunjika. Rasimu ilisema: “Mkulima anaweza kutumia kipimo cha chumvi kuhakikisha mahindi yamefikia unyevu wa asilimia 13.5.” Kipimo cha chumvi kipo, na ni kizuri kwa asiye na mashine ya kupimia. Unachukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa na yenye mfuniko, unatia mahindi hadi theluthi moja, unaongeza vijiko vichache vya chumvi iliyokaushwa, unatikisa, kisha unaacha itulie kama dakika 15. Chumvi ikigandia kwenye kioo, mahindi bado yana maji. Na asilimia 13.5 nayo ni kweli: ndicho kiwango cha juu cha unyevu kinachoruhusiwa na viwango vya mahindi vya Afrika Mashariki.

Tatizo ni kwamba chumvi hugandia pale unyevu unapozidi takriban asilimia 15. Isipogandia, unachojua ni kwamba uko chini ya hapo. Mahindi yenye unyevu wa asilimia 14.5 yatafaulu mtihani wa chumvi na bado hayajafika kwenye kiwango. Mkulima aliyeiamini sentensi ile angeweza kufunga mahindi mabichi kidogo ndani ya plastiki isiyopitisha hewa, na gunia halikaushi chochote. Maji uliyoyafungia humo yatabaki humo. Tuliandika upya: chumvi ikigandia, rudisha mahindi juani, isipogandia, ongeza siku ya kuanika, na kama kuna kipimo cha unyevu kwa mnunuzi au ofisi ya kilimo iliyo karibu, kitumie kabla ya kufunga.

Sentensi nyingine ilisema kwamba kupika ugali vizuri kwenye moto mkali huondoa sumukuvu. Hii ndiyo ingeweza kuua. Moto unaua kuvu, lakini sumu iliyokwisha kuachwa na kuvu huvumilia joto la jikoni. Ugali ulioiva sawasawa unaweza kuwa na sumu ile ile. Kukoboa hupunguza, kwa sababu sehemu kubwa ya sumu hukaa kwenye ganda na kiini cha punje, na kuchambua punje zilizobadilika rangi nako husaidia. Lakini punje yenye sura nzuri inaweza kuwa na sumu, na jibu la uhakika hutoka maabara. Nadhani najua mashine ilikolipata kosa hili. Ushauri kwamba chakula kipikwe hadi kiive umeandikwa mahali pengi mno kuhusu nyama, mayai na maji, na ukaribu wa maneno hayo ulitosha.

Hesabu nazo zipigwe upya kwa mkono, hata zile ndogo. Tovuti ya CNET ya Marekani ilichapisha makala za fedha zilizoandikwa na mashine, na mapema mwaka 2023 ilibidi isahihishe nyingi. Moja iliwaambia wasomaji kwamba ukiweka akiba ya dola 10,000 kwa riba ya asilimia 3, mwisho wa mwaka utakuwa umepata dola 10,300. Hiyo ni akiba na riba pamoja. Ulichopata ni dola 300. Mwenye duka yeyote angeliona kosa hilo bila kikokotoo, lakini lilipita kwa mhariri kwa sababu sentensi ilitembea vizuri.

Baada ya kuhakiki, rasimu ilikuwa salama lakini haikuwa makala. Hapa ndipo ninapotofautiana na wenzangu wanaodhani kazi imekwisha makosa yakishatolewa. Nilirudi kwenye yale mapambo niliyoyaacha na nikajaribu kubadilisha neno moja. Badala ya mahindi, niliweka maharage. Badala ya Dodoma, Malawi. “Elimu kwa wakulima ni jambo la msingi katika kupunguza upotevu wa maharage.” Sentensi haikuumia hata kidogo. “Kila mdau ana nafasi yake katika kufanikisha uhifadhi bora.” Hii ingeweza kuhusu samaki, vitabu au misitu. Sentensi inayovumilia kubadilishwa namna hiyo haimwambii kitu mkulima wa Dodoma anayeishika karatasi, naye hulitambua hilo kabla ya aya ya pili. Tulizifuta zote, na karatasi ikabaki chini ya nusu.

Ule utupu ndio tulioupeleka shambani. Tulikwenda wilayani Kongwa, kwa familia inayoyatumia magunia haya, na swali letu la kwanza lilitoka kwenye rasimu yenyewe. Ilikuwa imesema, kwa usahihi, kwamba gunia lisifunguliwe mara kwa mara kwa sababu kila linapofunguliwa hewa mpya huingia na wadudu waliolegea hupata uhai. Tulipomsomea mama mwenye nyumba aya hiyo, alicheka.

“Sasa mwanangu, usipofungua, watoto watakula nini? Mahindi ninayahifadhi nije niyaangalie?”

Kisha akatuonyesha anavyofanya. Mahindi ya kula miezi ya mwanzo huyaacha kwenye viroba vya kawaida, akijua kwamba dumuzi watayafikia kidogo. Magunia ya kinga njaa hayaguswi hadi viroba viishe, na hapo hufungua moja tu, akalila hilo hadi mwisho kabla ya kugusa jingine. Alilofungua hulikunja na kulifunga palepale kabla hajakwenda kuanza kupika. Hakuna mstari wa rasimu uliokuwa umesema hivyo, wala kijikaratasi cha maelezo tulichokiona, na ndilo jibu la swali ambalo kila mnunuzi wa gunia hili atakuwa nalo wiki ya pili.

Alituonyesha pia plastiki ya ndani iliyotoboka. Nilidhani ni panya. Alisema ni vipande vya magunzi: mwaka ule walipukuchua kwa haraka na hawakupepeta vizuri, na ncha zake zikachoma plastiki wakati wa kusukuma gunia pembeni mwa ukuta. Tangu hapo, kabla ya kujaza, hujaza upepo kwenye kila mfuko mtupu, akaukunja mdomo na kuukandamiza karibu na shavu ili asikie unapotoka. Tulitandika mfuko mzima na uliotoboka na kumpiga picha akivijaribu. Ile namba ya asilimia 40 tuliyoifuta, mahali pake tuliandika alivyotuambia kuhusu nyumba yake: kabla ya magunia haya alikuwa akiuza sehemu ya mahindi mwezi Julai, bei ikiwa chini, kwa sababu ya kuwaogopa dumuzi, halafu akanunua mengine mwezi Januari kwa bei ya juu. Hiyo ni hasara ambayo haionekani kwenye takwimu za punje zilizoliwa.

Kuna uchafu mmoja katika eneo hili ambao sitaupunguzia jina. Ukiiamuru mashine iandike “kwa sauti ya mtu aliyefika”, itakuandikia. Itakupa jua kali, mzee mwenye kofia na harufu ya vumbi. Rasimu yetu ilikuwa na mkulima wa namna hiyo, ana jina na umri, na alisema maneno mazuri kuliko mtu yeyote niliyewahi kumhoji. Hakuwapo. Kumchapisha ni kumdanganya msomaji kuhusu jambo moja ambalo hana njia ya kulihakiki, yaani kwamba mwandishi alikuwa pale. Kwa hiyo sheria yetu dawatini ni nyepesi: maneno ya mtu hutoka kwenye kinasa sauti au daftari tu, na baada ya hapo hayarudishwi kwenye mashine kunyooshwa. Mama yule alisema “nije niyaangalie”. Mashine ingelibadilisha kuwa “uhifadhi unapaswa kuendana na mahitaji ya kaya”.

Makala ilipotoka ilikuwa na maneno machache kuliko rasimu iliyoingia. Chini yake tuliandika kwamba rasimu ya kwanza ilisaidiwa na akili mnemba, kwamba maelezo ya kitaalamu yalisomwa na bwana shamba, na kwamba mahojiano yalifanywa Kongwa na mwandishi mwenyewe. Karatasi yenye mistari na vyanzo iliwekwa kwenye faili, ili msomaji akipiga simu kuuliza kuhusu chumvi na asilimia 15, atakayepokea aweze kumjibu hata kama mwandishi hayupo.

Rasimu iliyofuata kwenye meza ilihusu ukaushaji wa dagaa. Ilikuwa safi, madai yake machache yalithibitika, na baada ya kufuta mapambo zilibaki aya tatu ambazo mchuuzi yeyote wa dagaa anazijua tangu utotoni. Hatukuwa na mtu wa kumtuma ziwani mwezi huo. Hatukuichapisha, na ukurasa tuliutumia kwa barua za wasomaji, nyingi zikiwa kutoka kwa wakulima waliokuwa na mengine ya kusema kuhusu magunia.